Kabla Katibu wa Kikoba Hajabonyeza Kutuma

Viwango vya michango vikibadilika, ugomvi mwingi huanzia kwenye tangazo. Katibu huandika kwa haraka, "Michango imepanda kuanzia wiki ijayo," na hapo hapo simu zinaanza kuita. Imepanda hisa au mfuko wa jamii? Wiki ijayo ni Jumamosi hii au ile nyingine? Nani aliamua?

Tuchukue kikoba cha watu 30 kinachokutana kila Jumamosi. Hisa moja ni Sh 5,000, na mwanachama hununua kuanzia hisa 1 hadi 5 kwa wiki, pamoja na Sh 1,000 ya mfuko wa jamii. Wanataka akiba ikue. Njia ya kwanza inayowajia wengi ni kupandisha bei ya hisa iwe Sh 10,000, na hiyo katikati ya mzunguko ni hatari. Siku ya kuvunja kikoba, fedha zote hugawanywa kwa idadi ya hisa. Aliyenunua hisa 40 kwa bei ya zamani ameweka Sh 200,000. Aliyenunua hisa 20 kwa bei mpya naye ameweka Sh 200,000, lakini wa kwanza atachukua mara mbili yake. Kwa hiyo bei ya hisa ingoje mzunguko mpya. Kinachoweza kupanda sasa ni idadi ya chini ya hisa, na tangazo liseme wazi kwamba bei haijaguswa.

Likiandikwa vizuri linakuwa hivi:

"Ndugu wanakikoba, kikao cha Jumamosi 13 Juni 2026 kimepitisha mabadiliko haya, yataanza Jumamosi 4 Julai 2026. Kila mwanachama atanunua hisa zisizopungua 2 kwa wiki, badala ya 1. Bei ya hisa ni ile ile, Sh 5,000, na mwisho ni hisa 5 kama zamani. Mfuko wa jamii utakuwa Sh 2,000 badala ya Sh 1,000. Kwa hiyo kiwango cha chini kwa wiki ni Sh 12,000. Zamani kilikuwa Sh 6,000. Malipo yafike kabla ya saa 6 mchana. Atakayechelewa atalipa faini ya Sh 1,000. Namba ya kulipia haijabadilika. Mwenye swali aniandikie kabla ya Jumamosi 27 Juni. Katibu."

Jumla ya Sh 12,000 imeandikwa makusudi, maana hicho ndicho kiasi mtu anachokitafuta akiwa ameshika simu tayari kulipa. Namba ya kulipia haikuandikwa, nayo ni makusudi pia. Wanachama wakizoea kupokea namba kwenye matangazo, tapeli atakayejifanya katibu na kutuma namba "mpya" atawapata kirahisi.

Nakala ya Kiingereza inahitajika zaidi ya tunavyodhani. Kuna mwanachama aliyetoka nchi jirani ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, na kuna mama ambaye mchango wake hulipwa na mkwe asiyesoma Kiswahili. Itume kama ujumbe wa pili, peke yake. WhatsApp hukata ujumbe mrefu, na nakala iliyobandikwa chini inabaki imefichwa. Tarakimu na tarehe zilingane neno kwa neno, na mwezi uandikwe kwa jina, kwa sababu 4/7 kwa wengine ni Aprili 7. Angalia saa kuliko kitu kingine: saa 6 mchana kwa Kiingereza ni saa 12. Mfasiri akiacha 6, mtu atalipa jioni akiamini yuko ndani ya muda, kisha atozwe faini bila kosa. Mwisho wa nakala hiyo ongeza sentensi moja kwamba zikipingana, ya Kiswahili ndiyo itakayofuatwa.

Tuma kwa orodha ya matangazo, ile inayoandikwa "New broadcast", badala ya kundi la kikoba ambako tangazo litazama chini ya salamu za asubuhi. Majibu yatakuja kwako tu, hivyo asiyeweza hisa 2 atakueleza hali yake bila kuaibika mbele ya wenzake. Lakini orodha hiyo ina kasoro: asiyeihifadhi namba yako kwenye simu yake hapokei kitu, wala hatajua kwamba amekosa. Bonyeza ujumbe kwa muda, fungua "Info", uone umefika kwa nani na nani.

Ambao haujawafikia wapigie simu mmoja mmoja kabla ya Julai 4. Mwanachama ambaye tangazo halikumfikia asitozwe faini ya wiki ya kwanza, na uamuzi huo uandikwe kwenye daftari la kikao.