Umeiuliza chatiboti kuhusu kichocho cha mtoto? Lipime jibu kabla ya kuliamini

Mwanza. Ni saa tatu usiku, mtoto analalamika tumbo, zahanati ya mtaani imefungwa na simu iko mkononi. Mzazi ambaye zamani angegonga kwa jirani, leo anaweza kuiuliza chatiboti kama ChatGPT au Gemini na kujibiwa kwa Kiswahili ndani ya sekunde chache.

Kuuliza ni rahisi. Kazi ni kujua jibu lipi la kushika na lipi la kuacha. Kwa familia zinazoishi kando ya Ziwa Victoria, kichocho ni mfano mzuri wa kujifunzia, kwa sababu jibu lililo sahihi kwa mtoto wa mahali pengine linaweza kumpotosha mzazi wa Igombe, Kayenze au Ukerewe.

Unazungumza na nini?

Chatiboti ni programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno. Ukiiuliza, inapanga maneno kwa kufuata yale ambayo kwa kawaida hufuatana katika maandishi hayo. Haimwoni mtoto wako, haimgusi tumbo, wala haijui kama unaishi ufukweni au Dodoma mpaka uiambie.

Tena sehemu kubwa ya maandishi hayo ni ya Kiingereza na yameandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Ndiyo maana Kiswahili chake kinaweza kuwa kizuri huku maelezo yake hayahusiani na mazingira yako.

Kwa anayeanza, hatua ni chache. Fungua programu au tovuti yake, andika swali kwenye kisanduku kilicho chini, kama unavyomwandikia mtu ujumbe, kisha tuma. Jibu likija, unaweza kuuliza swali la pili hapo hapo bila kurudia yote uliyoandika mwanzo.

Usiandike jina la mtoto wala namba ya simu, na usitume picha ya kadi ya kliniki. Umri, dalili na mahali mnapoishi vinatosha.

Jibu sahihi, mahali siko

Tuseme mama mkazi wa Igombe ana mtoto wa miaka sita anayeoga ziwani karibu kila siku. Anaandika swali fupi: "Dalili za kichocho kwa mtoto ni zipi?"

Kwa swali fupi namna hiyo, ni rahisi kupata jibu linaloanza na mkojo wenye damu na maumivu wakati wa kukojoa. Mama anamtazama mtoto, mkojo wake ni safi, naye anahitimisha kuwa si kichocho. Analala akiwa na amani.

Jibu hilo si la uongo. Tanzania ina kichocho cha aina mbili. Kile cha mkojo husababishwa na minyoo wanaokaa kwenye mishipa ya damu kuzunguka kibofu. Kile cha tumbo husababishwa na minyoo wanaokaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo, na mayai yao hutoka kwa njia ya haja kubwa.

Konokono wanaoeneza kichocho cha mkojo hupatikana zaidi kwenye malambo na madimbwi ya mbali na ziwa, kama ya Kwimba na Misungwi. Konokono wa ufukwe wa Ziwa Victoria na visiwa vyake hueneza kichocho cha tumbo. Kwa hiyo mtoto wa ufukweni anaweza kuwa na kichocho kwa muda mrefu bila tone la damu kwenye mkojo.

Dalili zake ni maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, kuharisha, wakati mwingine choo chenye damu, na uchovu. Watoto wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Ugonjwa ukikaa miaka bila tiba, ini na bandama huvimba, tumbo hujaa, na mgonjwa anaweza kufikia kutapika damu.

Hapa ndipo mzazi anapoona namna jibu linavyopotosha bila kudanganya. Kila sentensi ni ya kweli, ila inahusu kichocho cha mahali pengine.

Uliza upya, kwa ukamilifu

Dawa ya kwanza ya tatizo hilo ni swali lenyewe. Mama yule yule anaweza kuandika hivi: "Mtoto wangu ana miaka sita. Tunaishi Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Anaoga ziwani karibu kila siku. Wiki mbili sasa tumbo linamuuma na anaharisha mara kwa mara, hana homa. Magonjwa gani yanawezekana, na zahanati wanaweza kumpima nini?"

Swali hili lina umri, mahali, jambo linalomweka mtoto hatarini, dalili na muda wake. Limeomba magonjwa yanayowezekana badala ya jina moja. Jibu zuri linapaswa kutaja kichocho cha tumbo pamoja na mengine, kama minyoo wa kawaida, amiba au taifodi, na lieleze kipimo cha choo. Likirudi tena kwenye damu ya mkojo peke yake, mzazi ajue halikusoma neno "ziwa" lilivyostahili.

Epuka kuweka jibu ndani ya swali. Ukiandika "Hiki si kichocho, sivyo?", chatiboti ina tabia ya kuelekea upande wa anayeuliza. Jaribu kuuliza jambo hilo hilo kwa maneno mengine, katika mazungumzo mapya. Majibu mawili yakipingana, usichague linalokufurahisha. Chukua tofauti hiyo kama alama kwamba jambo hilo linahitaji mtu wa afya.

Kitu kingine cha kuuliza ni jibu limetoka wapi. Likitaja mwongozo wa Wizara ya Afya au wa Shirika la Afya Duniani, fungua tovuti ya taasisi hiyo uone kama mwongozo huo upo na unasema hivyo. Chatiboti huweza kutunga jina la kitabu au kiungo ambacho hakijawahi kuwepo, na hukiandika kwa uhakika ule ule inaotumia kwenye jambo la kweli.

Angalia pia tarehe. Kwa miaka mingi dawa za kichocho za kugawa kwa jamii zililenga zaidi watoto wa shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza ugawaji huo, kwenye maeneo yaliyoathirika, uanzie umri wa miaka miwili. Jibu linalosema mtoto wa miaka mitatu hahusiki linaweza kuwa limetokana na maandishi ya zamani.

Swali la maji

Baada ya dalili, mzazi huuliza kinga. Jibu moja la kuliangalia kwa makini ni lile linaloishia kwenye kuchemsha maji ya kunywa na kunawa mikono. Ushauri huo ni mzuri kwa kuhara na kipindupindu, lakini hauzuii kichocho. Vimelea vya kichocho hutoka kwa konokono, huelea majini na kupenya ngozi ya anayeoga, kufua, kuvua au kuchota maji. Mtoto anayekunywa maji yaliyochemshwa na kuoga ziwani bado yuko hatarini.

Mzazi anaweza kulipima jibu la namna hii kwa swali moja: "Ugonjwa huu unaingia mwilini kwa njia gani?" Kisha alinganishe kinga na njia hiyo. Kama ugonjwa unaingia kwa ngozi na kinga inahusu mdomo peke yake, jibu lina pengo.

Kinga inayoendana na njia hiyo ni kutooga ziwani, na maji ya ziwa yanayoletwa nyumbani kwa kuoga kukaa kwenye chombo safi kisicho na konokono kwa siku mbili kabla ya kutumika. Vimelea hivyo vikikosa ngozi ya kupenya, hufa ndani ya muda huo. Maji hayo bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kunywewa. Kujifuta haraka kwa taulo baada ya kuoga si kinga ya kutegemea.

Mahali pa kuishia

Kuna swali ambalo mzazi hapaswi kulimaliza kwenye simu: nimpe vidonge vingapi? Dawa ya kichocho, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mtoto, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo. Chatiboti inaweza kupiga hesabu bila kosa, lakini hesabu sahihi juu ya uzito wa kukisia hutoa dozi isiyo sahihi. Mtoto wa kilo 15 anahitaji miligramu 600, na wa kilo 22 anahitaji 880. Kwa macho, watoto hao wawili wanaweza kukisiwa kuwa sawa. Zahanati kuna mizani, na shuleni wagawaji hutumia kipimo cha urefu.

Vivyo hivyo, chatiboti haiwezi kusema mtoto hana kichocho. Hilo husemwa na maabara, baada ya choo kuangaliwa kwa hadubini. Hata hapo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Mayai huanza kuonekana wiki kadhaa baada ya maambukizi, mara nyingi sita hadi nane, hivyo kupima kesho yake baada ya kuoga ziwani hakusaidii. Na minyoo wakiwa wachache, choo cha siku moja kinaweza kukosa mayai, kwa hiyo mhudumu anaweza kuomba kingine.

Mtoto akitapika damu, akitoa choo cheusi kama lami, akilegea kiasi cha kushindwa kunywa, au akipata degedege, usifungue simu kuiuliza chatiboti. Mpeleke kituo cha afya au hospitali muda huo huo.

Kwa hali isiyo ya dharura, mzazi anaweza kupiga 199, namba ya bure ya kituo cha huduma kwa wateja cha Wizara ya Afya, na kumsomea anayepokea kile alichokipata kwenye simu. Asubuhi akienda zahanati, aandike kwenye karatasi mambo matatu aliyoyatoa kwenye mazungumzo yale: mtoto anaoga ziwani, tumbo limeuma kwa wiki mbili, na je, anaweza kupimwa choo? Mhudumu akisikia neno "ziwani", anajua aanzie wapi.