Sindano Iponyayo Kifua, Ikaumiza Sikio

Mgonjwa wa kifua kikuu sugu aliyetibiwa Kenya miaka michache iliyopita alidungwa sindano karibu kila siku kwa miezi kadhaa. Dawa yenyewe ilikuwa kanamaisini, amikasini au kapreomaisini. Wengi walipona kifua, lakini baadhi yao walibaki viziwi maisha yao yote.

Dawa hizo huingia ndani ya koklea, kijumba cha sikio la ndani kilichojikunja kama konokono. Humo mna seli zenye vinywele vinavyogeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za neva. Dawa hupenya kwenye seli hizo, huvuruga viwanda vyao vya nishati, na kuziua. Kwa binadamu, seli iliyokufa haioti tena.

Zinazotangulia kufa ni zile zinazopokea sauti nyembamba, za hezi 8,000 na zaidi. Mazungumzo mengi yako chini ya hezi 4,000, kwa hiyo mgonjwa huendelea kuongea na watu bila shida huku madhara yakisonga mbele. Akisubiri mpaka ashindwe kusikia mwenzake, amechelewa.

Ndiyo maana kipimo cha usikivu hufanywa kabla ya matibabu, au katika siku tatu za kwanza, kisha hurudiwa kila mwezi. Tuchukue mfano wa mkulima wa chai wa Kianjokoma, huko Manyatta, Embu. Mwanzoni anasikia sauti ya desibeli 15 kwenye hezi 6,000 na 8,000. Mwezi wa pili anahitaji desibeli 25 na 30. Kwenye hezi 1,000 hakuna kilichobadilika, naye anasema masikio yake ni mazima. Hata hivyo kipimo kimekwisha kutoa onyo: kushuka kwa desibeli 10 au zaidi kwenye masafa mawili yanayofuatana, au 20 kwenye moja, huhesabiwa kuwa dalili ya sumu. Mhudumu huangalia kama kuna nta au usaha sikioni, kisha hupima tena. Jibu likiwa lilelile, daktari hubadilisha dawa au kupunguza idadi ya sindano. Figo nazo hupimwa, kwani zikidhoofu dawa hurundikana mwilini. Kwa kuwa madhara yanaweza kuendelea baada ya sindano ya mwisho, vipimo hurudiwa miezi kadhaa baadaye.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamaisini na kapreomaisini zisitumike tena kwa kifua kikuu sugu, na vidonge kama bedakwilini vikashika nafasi yake. Lakini dawa nyingine zinazoweza kudhuru masikio bado zinatumika: jentamaisini hudungwa watoto wachanga wenye maambukizi ya damu, na sisplatini hutumika kutibu saratani. Ukiandikiwa mojawapo, uliza utapimwa masikio lini, na ukisikia mvumo masikioni au kizunguzungu, mwambie daktari siku hiyohiyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe.