Gesti ya Shangazi kwa Picha Saba

Fungua matangazo ya gesti za nyumbani kwenye Instagram na hutakawia kukutana na maneno haya: "Bei njoo inboksi." Mwenye gesti anaamini anamvuta mteja. Lakini mama aliyeko Muscat au Leicester, anayepanga safari ya likizo saa tano usiku watoto wakiwa wamelala, haji inboksi. Anapitisha kidole, anakwenda kwa jirani aliyeandika bei.

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba sita Bagamoyo, upande wa Mji Mkongwe. Kama ilivyo kwa wengi wetu tulio nje, kazi ya kumtengenezea tangazo iliniangukia mimi: "Wewe uko Uingereza, mwanangu, nitengenezee lile la picha za kutelezesha." Hizo ndizo vijana wanaziita karuseli, picha kadhaa ndani ya posti moja, unazivuta moja baada ya nyingine. Nadhani wasomaji wengi hapa wana shangazi au mjomba wa namna hiyo, kwa hiyo naeleza tulivyoipanga.

Instagram siku hizi inakubali hadi picha 20 kwenye posti moja. Sisi tuliishia saba: jalada, vyumba vitatu, chakula na kanuni, sehemu za kutembelea, na namna ya kuweka nafasi. Vipimo ni pikseli 1080 kwa 1350, picha ndefu kidogo inayojaza simu vizuri. Kilichotuongoza zaidi ya vipimo ni safari ambayo picha hizi hufanya baadaye. Mtu akiipenda posti, mara nyingi hatumi posti nzima. Anapiga picha ya skrini, anaitupa kwenye kundi la familia la WhatsApp, na kutoka hapo inasambaa peke yake bila maelezo yaliyokuwa chini yake. Kwa hiyo kila picha kati ya saba ina jina la gesti, neno "Bagamoyo" na namba ya simu pale chini. Picha ya chumba isiyo na namba ikishafika kundi la tatu ni picha ya kitanda tu.

Lugha tuliweka mbili, Kiswahili juu kwa herufi kubwa, Kiingereza chini yake kwa herufi ndogo kidogo. Shangazi alitaka Kiingereza kiwe juu "ili ionekane ya kimataifa". Nilimwuliza wageni wake wengi mwaka jana walitoka wapi. Walitoka Dar, Morogoro na Dodoma, wengine wakija semina, wengine harusi. Mgeni wa mbali atasoma Kiingereza hata kikiwa chini. Mwalimu wa Morogoro akiona Kiingereza kitupu anajua bei si yake, anaondoka.

Sasa vyumba. Neno "dabo" peke yake halitoshi. Nyumbani mtu akisema dabo anaweza kumaanisha kitanda kimoja kikubwa, na mwingine akaelewa vitanda viwili. Na vipimo vyetu vya vitanda, tano kwa sita, sita kwa sita, vinaeleweka na kila fundi seremala wa Keko, lakini kijana aliyezaliwa Birmingham hajui ni futi za nini. Tukaandika yote: kitanda kimoja cha futi 5 kwa 6, watu wazima wawili, choo na bafu ndani, feni, chandarua. Chumba cha familia kina kitanda cha 6 kwa 6 na dabo deka ya watoto, watu watano. Cha singo ni mtu mmoja, bafu la nje la pamoja, na hilo tuliliandika waziwazi, kwa sababu mtu akigundua bafu la nje usiku wa manane ndipo ugomvi unapoanza.

Kila chumba kina bei yake juu ya picha hiyohiyo. Tulikataa kuweka jedwali la bei kwenye picha ya peke yake, kwa sababu ile ya safari za WhatsApp. Singo shilingi 40,000, dabo 60,000, familia 95,000, kwa chumba kwa usiku, kifungua kinywa ndani, kodi na tozo ndani.

Hapa ndipo tuliposhindana kidogo. Shangazi alikuwa na bei mbili kichwani, ya wenyeji kwa shilingi na ya wageni kwa dola. La dola sheria imelimaliza: tangu Machi 2025 kanuni za Tanzania zinakataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa huduma zinazotolewa ndani ya nchi, na mgeni anabadilisha pesa zake au analipa kwa njia itakayoingia kama shilingi. Hata kuandika "dola 25" kwa herufi ndogo pembeni tuliacha. Ila bei mbili kwa shilingi bado angeweza. Hifadhi za taifa nazo zina viwango tofauti kwa raia na wageni, na hoteli kubwa nyingi pia.

Nikamwuliza: mimi ni nani? Nimezaliwa Kariakoo, nafanya kazi ya uuguzi Uingereza, mume wangu ana pasipoti ya huku, watoto wetu nao. Tukifika mlangoni unatuhesabu vipi, nusu kwa nusu? Gesti ya vyumba sita haina ofisi ya kukagua pasipoti ili ijue nani alipe ngapi. Itabaki kuangalia rangi ya ngozi au lafudhi, na hapo mtoto wa mjomba aliyekulia Toronto atatozwa bei ya mgeni kwenye mji wa babu yake. Nauli amelipa, zawadi amebeba, halafu anaambiwa yeye si wa hapa. Hasemi kitu, lakini mwaka unaofuata analala kwingine na ukoo wote unajua kwa nini. Shangazi alinyamaza, kisha akasema, "Basi iwe moja." Tofauti tuliiweka kwenye huduma: anayetaka chakula cha jioni, samaki na wali wa nazi, analipa 15,000 kwa sahani, awe wa Ilala au wa Berlin.

Picha ya tano ina mambo madogo ambayo watu huona aibu kuuliza. Choo kina mpira wa maji. Mkeka wa kuswalia upo, na kibla kimewekewa alama ukutani. Pombe haiuzwi. Umeme ukikatika kuna taa za sola lakini feni hazizunguki. Mimi, kwa mazoea ya kazi, niliongeza mstari mmoja ambao haukuwa kwenye orodha ya shangazi: ngazi za kuingia ni mbili, na chumba cha dabo cha chini hakina ngazi ndani. Familia inayosafiri na bibi mwenye magoti mabovu inatafuta mstari huo kabla ya picha ya bahari.

Na bahari yenyewe tuliipiga mara mbili. Bagamoyo maji yakijaa, ufuko unapendeza kama kalenda. Yakipwa, yanakwenda mbali na kuacha mchanga wa tope na ngalawa zimelala ubavu. Tangazo lenye picha ya maji yaliyojaa peke yake linazaa mgeni anayelalamika saa sita mchana. Tuliweka zote mbili upande kwa upande, na maneno "asubuhi" na "mchana, siku hiyohiyo".

Kwenye picha ya sita hatukujaza mji mzima. Tulichagua sehemu tatu, kila moja na namna ya kufika kutoka mlangoni. Ya kwanza ni Misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, yenye makumbusho na mnara wa kanisa la zamani ambako mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka bara. Unafika kwa bajaji, au kwa miguu jua likipoa. Ya pili ni magofu ya Kaole, kusini ya mji, msikiti wa karne ya 13 na makaburi yenye nguzo. Ni safari ya bodaboda au bajaji, uende asubuhi na maji ya kunywa, na kiingilio si sawa kwa raia na mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Ya tatu ni soko la samaki ufukweni, kwa miguu. Binamu yangu alitaka tuongeze Saadani kwa sababu simba wanavutia macho. Ni kweli ndiyo hifadhi ya taifa pekee nchini inayogusa Bahari ya Hindi, lakini inataka gari, siku nzima na ada zake. Tuliiandika chini kwa mstari mmoja: "safari ya siku, uliza mapema."

Picha ya saba ndiyo inayoleta pesa, na ndiyo wezi wanayoipenda. Wanachofanya ni kuchukua picha zako zote na kubadilisha namba tu. Kwa hiyo hatua tuliziandika hivi. Kwanza, tuma WhatsApp tarehe ya kuingia, ya kutoka, na idadi ya watu, umri wa watoto ukiwemo. Pili, subiri jibu la kuwa chumba kipo; usilipe kabla. Tatu, lipa usiku mmoja kwa lipa namba, na kabla ya kuweka namba ya siri angalia jina linalotokea: liwe jina la gesti. Likitokea jina la mtu, usiendelee, piga simu. Aliye nje anayetuma kwa programu ya simu aulize kwanza jina kamili la anayepokea. Nne, utapata ujumbe wenye tarehe, chumba na salio. Mwenye wasiwasi apige simu ya video, shangazi atamtembeza hadi chumbani. Tapeli hana chumba cha kuonyesha.

Saa za kuingia zilitupa kazi. "Saa 8 mchana" kwa mtoto aliyekulia nje ni kitendawili, naye akisoma 8 anafika asubuhi na mabegi. Tuliandika saa 8 mchana, 14:00, na kutoka saa 4 asubuhi, 10:00.

Kabla ya kuposti tulijaribu. Hospitalini, ukimweleza mgonjwa dawa zake, humwulizi kama ameelewa, maana atasema ndiyo. Unamwomba akueleze yeye. Nikamtumia binamu aliyeko Muscat picha tatu tu na swali moja: wewe, mkeo na watoto watatu, siku nne, unalipa ngapi na unatanguliza ngapi? Alijibu milioni moja na laki tisa. Alikuwa amezidisha 95,000 kwa watu watano. Maneno "kwa chumba" yalikuwepo, ila madogo. Tuliyakuza na kuongeza "si kwa kichwa", nikamtumia mke wake, ambaye hakuwa ameona kitu. Akajibu 380,000, anatanguliza 95,000, salio 285,000 akifika. Hapo ndipo tuliposti.

Chini ya kila picha ya chumba, pembeni mwa namba, kuna mstari mdogo: "Bei hadi 31 Desemba." Picha za skrini huishi miaka, na shangazi hataki mtu aje mlangoni na bei ya enzi zile ndani ya simu yake.