Ruhusa Inapogoma Kuwashwa

Umepokea simu ya video kwenye WhatsApp, ukaambiwa uruhusu kamera. Unaigusa ruhusa, na badala ya kukubali, simu inatoa ujumbe: “Screen overlay detected”. Swichi imebaki kijivu. Wengi hudhani simu imeingiwa na virusi, au WhatsApp imeharibika. Hakuna kilichoharibika, simu inakulinda.

Tangu Android 6 ilipotoka mwaka 2015, programu huomba ruhusa wakati wa matumizi, na jibu lako ni mguso mmoja tu. Lakini programu nyingine zinaweza kuchora kitu juu ya kioo huku wewe ukitumia kitu kingine: kiputo cha Messenger kinachoelea pembeni, kwa mfano. Programu mbaya ikipata uwezo huo inaweza kufunika swali la ruhusa kwa picha yenye maneno “Endelea”, na mguso wako ukapenya hadi kwenye “Allow” iliyofichwa chini yake. Ndiyo maana mfumo, ukiona mguso umepita chini ya kitu kilichochorwa, unaukataa.

Kinachosumbua ni kwamba ujumbe haumtaji mhusika. Ushauri wangu ni kuanza na programu za kupunguza mwanga wa usiku, kama Twilight. Kiputo unakiona, hizi hutandaza rangi nyembamba kioo kizima, na baada ya siku mbili jicho limeshaizoea. Isitishe kwa muda, rudi kwenye ruhusa ya kamera, uiwashe, kisha uirudishe kazini. Kikwazo ni kilichochorwa wakati ule ule, kwa hiyo huna haja ya kuifuta programu.

Usipoipata, fungua Settings, kisha Apps, gusa alama ya gurudumu la meno na utafute “Draw over other apps”. Kwenye simu nyingine imeandikwa “Display over other apps” au “Appear on top”. Zima programu moja, jaribu ruhusa, kisha nenda kwa inayofuata. Ukizima zote kwa pamoja utafanikiwa, ila hutajua ni ipi iliyokuzuia.

Ukiwa hapo, itazame orodha kwa makini. Kiputo cha mazungumzo kina sababu ya kuwemo. Tochi au kikokotoo havina. Wizi wa akaunti za benki umefanyika kwa njia hii hii: unafungua programu ya benki, ukurasa bandia unajichora juu yake, nawe unauandikia nywila yako. Programu usiyojua inafanya nini pale, iondolee uwezo huo.

Kuanzia Android 8, simu hutoa arifa inayoitaja programu inayojionyesha juu ya nyingine, na hivyo kumpata mhusika kumekuwa rahisi. Android 12 iliongeza jambo jingine: programu yenyewe, ya benki kwa mfano, inaweza kuomba vilivyochorwa juu yake vifichwe wakati inatumika.