Kitovu cha Mtoto Mchanga: Kiachwe Kikavu, Kisipakwe Kitu, na Dalili za Hatari Zifahamike

Na Mwandishi Wetu

Mama anaporejea nyumbani na mtoto mchanga, ushauri kuhusu kitovu huanza kumiminika kabla hata hajapumzika. Bibi huja na mafuta ya nazi, jirani hupendekeza majivu ya jikoni, na shangazi hukumbusha kuwa wanawe wote walipakwa poda na hakuna aliyedhurika. Wote husema kwa nia njema. Hata hivyo, maelekezo yanayotolewa na wataalamu wa afya kwa mama aliyejifungulia katika kituo cha kutolea huduma ni mafupi kuliko ushauri wote huo: kitovu kiwe safi, kiwe kikavu, na kisipakwe kitu chochote.

Makala haya yanaeleza sababu ya agizo hilo, namna ya kulitekeleza siku kwa siku, na dalili zinazomtaka mzazi kuacha shughuli zote na kumpeleka mtoto kituoni.

Kwa nini kitovu ni mlango

Mtoto akiwa tumboni, uzi wa kitovu hubeba mishipa mitatu ya damu: miwili hupeleka damu kwenye kondo la nyuma na mmoja huirudisha kwa mtoto ikiwa na chakula na hewa. Baada ya kuzaliwa, mkunga huubana uzi huo kwa kibanio au kuufunga kwa uzi safi, kisha huukata kwa kifaa kilichotakaswa. Kipande kinachobaki hakina tena damu inayopita ndani yake. Hunyauka, hubadilika rangi kutoka weupe kuwa kahawia na kisha nyeusi, na kwa kawaida huanguka chenyewe kati ya siku ya 5 na ya 15.

Katika siku za mwanzo, mishipa hiyo imesinyaa lakini bado haijazibika kabisa. Mmoja kati yake huelekea moja kwa moja kwenye ini la mtoto. Kwa hiyo vijidudu vikipata unyevu na uchafu wa kustawi kwenye kitovu, havina safari ndefu kufika ndani ya mwili na kuingia katika damu. Kitovu kilichokauka huvinyima vijidudu makazi, kilicholoweshwa huvitengenezea.

Nini kisipakwe, na kwa sababu gani

Vitu vinavyopakwa mara nyingi vinaweza kugawanywa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni vile vinavyobeba vijidudu: kinyesi cha ng'ombe, udongo, vumbi la ukuta, majivu, masizi, mate na majani yaliyotwangwa. Udongo na kinyesi cha wanyama ndiko vinakoishi vimelea vya pepopunda, ambavyo huweza kukaa muda mrefu vikiwa vikavu na vikaamka vinapopata kidonda. Mtoto mwenye pepopunda huzaliwa akiwa mzima na hunyonya vizuri siku mbili za kwanza. Kisha, mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 14, hushindwa kunyonya kwa sababu taya zimekaza, mwili hukakamaa na hupata mishtuko akiguswa au akisikia sauti. Wengi wanaofikia hatua hiyo hupoteza maisha, hata wakitibiwa. Chanjo ya pepopunda anayopewa mama wakati wa ujauzito humkinga mtoto, lakini haihalalishi kupaka uchafu, kwa kuwa vijidudu vingine vingi havizuiwi na chanjo hiyo.

Fungu la pili ni vitu vinavyoonekana visafi: mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, mafuta ya mgando, poda, maji ya chumvi, dawa ya meno na spiriti. Mafuta huufunika unyevu na kuuzuia kutoka. Poda hugandamana na majimaji ya kitovu ikawa tope. Spiriti, ingawa huua vijidudu, huchelewesha kitovu kuanguka, na hivyo hurefusha muda ambao mlango upo wazi. Maziwa ya mama nayo hayana kazi kwenye kitovu. Kazi yake ni mdomoni mwa mtoto.

Ipo pia imani iliyoenea katika jamii zetu kuwa kitovu kikiangukia sehemu za siri za mtoto wa kiume, atakosa nguvu za kiume ukubwani. Hofu hiyo huwafanya baadhi ya wazazi kukipaka vitu ili kianguke upesi, au kukivuta ili waone kinapoangukia. Kitovu kilichokauka ni kipande kilichokufa ambacho hakina uhusiano wowote na uzazi, popote kitakapoangukia. Madhara ya kweli hutokana na kukivuta, kwa kuwa mshipa ambao haujazibika unaweza kuvuja damu.

Suala la klorheksidini

Baadhi ya wazazi wamesikia kuhusu dawa ya klorheksidini ya kupaka kitovuni na huuliza kwa nini wao hawakupewa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2022 unapendekeza kitovu kitunzwe kikiwa safi na kikavu, na unaielekeza dawa hiyo, kwa wiki ya kwanza tu, katika maeneo ambako ni kawaida kupaka vitu vyenye madhara kama kinyesi cha wanyama.

Msimamo huo unatokana na tafiti, mojawapo ikiwa imefanyika hapa nchini, kisiwani Pemba, ikihusisha watoto wachanga zaidi ya 36,000. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2016, hayakuonyesha upungufu wa vifo unaothibitika kitakwimu kwa watoto waliopakwa dawa hiyo wakilinganishwa na walioachwa na kitovu kikavu. Kwa maneno mengine, kutokupaka kitu si dalili ya kunyimwa huduma.

Mzazi aliyepewa klorheksidini na mtoa huduma aitumie kitovuni pekee, kama alivyoelekezwa. Mwaka 2020, WHO ilitoa tahadhari baada ya dawa hiyo kupakwa machoni kwa makosa katika nchi kadhaa za Afrika na kusababisha majeraha makubwa ya macho. Isihifadhiwe pamoja na dawa ya macho.

Utunzaji siku kwa siku

Tuchukue mfano wa mama aliyejifungua Jumatatu asubuhi katika kituo cha afya. Kabla ya kuruhusiwa Jumanne, muuguzi hukagua kama kibanio kimekaza na kama hakuna damu inayovuja. Mtoto haogeshwi katika saa 24 za kwanza, ili asipoteze joto.

Kuanzia hapo, mama hunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila anapotaka kugusa kitovu au kubadilisha nepi, na kila anayembeba mtoto hufanya hivyo hivyo. Nepi hufungwa chini ya kitovu, na ukingo wake hukunjwa kwa nje, ili mkojo usikifikie. Kitovu hakifungwi bandeji wala mkanda. Hufunikwa na nguo safi iliyolegea tu, hewa ikipita. Kikichafuka kwa mkojo au choo, huoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na sabuni, kisha hukaushwa kwa kitambaa safi kwa kugusishwa, si kwa kusuguliwa. Baada ya kuoga pia hukaushwa vivyo hivyo, hasa kwenye shina lake.

Ijumaa, kitovu kimekuwa cheusi na kigumu. Jumapili, mama anaona ute kidogo kwenye shina, na nguo ina doa dogo la damu. Anapata hofu. Hapa ndipo anapopaswa kutazama ngozi kuliko kitovu chenyewe. Kama ngozi inayozunguka shina ni laini na ya rangi ile ile ya tumbo, haijavimba, mtoto halii ikiguswa na ananyonya kama kawaida, basi kitovu kiko katika hatua ya kuachia. Unyevu kidogo na matone machache ya damu ni sehemu ya hatua hiyo. Mama anaendelea kukiweka kikavu, na Jumatano kinaanguka chenyewe. Kidonda kidogo kinachobaki nacho hakipakwi kitu. Hutunzwa kwa namna ile ile hadi kikauke.

Hali ingekuwa tofauti kama Jumapili hiyo mama angeona usaha, au wekundu ulioanza kutambaa kutoka kwenye shina kuelekea tumboni. Hapo hakuna cha kusubiri hadi kesho.

Dalili zinazotaka mtoto apelekwe kituoni

Mzazi ampeleke mtoto kwenye zahanati, kituo cha afya au hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo akiona mojawapo ya haya kwenye kitovu:

- Usaha, au majimaji yenye harufu kali.
- Ngozi inayozunguka kitovu kuwa nyekundu, kuvimba, kuwa ngumu au ya moto. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usionekane waziwazi. Gusa kuona kama kuna joto na uvimbe, na tazama kama ngozi imevutika na kung'aa.
- Mtoto kulia kila ngozi hiyo inapoguswa.
- Damu inayoendelea kutoka. Kandamiza kwa kitambaa safi mkiwa njiani.

Hali huwa ya dharura, iwe ni mchana au usiku, pale dalili zinapofika mwilini: mtoto kukataa au kushindwa kunyonya, kuwa na joto la nyuzi 37.5 au zaidi kwapani, au kuwa wa baridi, chini ya nyuzi 35.5, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kubonyea kwa kifua anapovuta pumzi, kulegea na kutojongea isipokuwa akiguswa, kukakamaa au kupata degedege. Mtoto mchanga mwenye maambukizi katika damu si lazima awe na homa, na baadhi hupoa. Kwa hiyo kukosekana kwa joto kusimfanye mzazi asubiri wakati mtoto ameacha kunyonya.

Dawa za antibiotiki zilizobaki nyumbani au kununuliwa bila cheti zisitumike. Maambukizi yaliyosambaa hutibiwa kwa sindano hospitalini, na dozi hupangwa kwa uzito wa mtoto. Pale ambapo usafiri ni kikwazo, wananchi wa Tanzania Bara wanaweza kupiga namba 115 bila malipo kupata usafiri wa dharura wa mfumo wa M-Mama, unaohudumia wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Kitovu ambacho hakijaanguka baada ya wiki tatu, pamoja na kinyama chekundu chenye majimaji kinachobaki baada ya kitovu kuanguka, navyo vionyeshwe kwa mtaalamu, ingawa si dharura.

WHO inapendekeza mama na mtoto waonwe na mtoa huduma ndani ya saa 24 za kwanza, kisha kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mahudhurio ya pili na ya tatu huangukia katika siku ambazo kitovu kinakauka na kuachia. Mama afungue nepi na kumwomba mtoa huduma akikague, hata kama yeye mwenyewe haoni tatizo, na bibi au shangazi anayesaidia kumwogesha mtoto aambatane naye ili asikie maelekezo kwa masikio yake.