Mwarobaini na mmelia: miti miwili inayofanana, mmoja una sumu

Mtu aliyezoea mwarobaini wa Mombasa au Tanga, akihamia nyanda za juu za Kenya au Tanzania, hukutana na mti unaofanana na ule wa kwao. Mara nyingi huo ni mmelia. Miti hiyo ni ya jamii moja na yote asili yake ni Asia, ila mwarobaini hupenda joto, na mmelia huvumilia baridi. Ndiyo maana umepandwa sana bara kwa kivuli na kuni. Hatari huanza pale anayetafuta dawa anapochuma mmelia, ambao matunda yake ni sumu kwa binadamu na kwa nguruwe.

Wengi hutazama ukingo wa jani peke yake, na hapo hupotea, kwa kuwa yote miwili ina meno kama ya msumeno. Vijani vya mwarobaini vimepinda kama mundu, na upande mmoja wa kitako ni mwembamba kuliko mwingine. Lakini alama ya kuaminika zaidi ni mgawanyiko wa jani. Ling'olewe jani zima, pamoja na kikonyo chake, kutoka kwenye tawi. La mwarobaini lina uti mmoja, na vijani vimejipanga pande zake mbili. La mmelia, uti huo hutoa matawi madogo, na vijani huota juu ya matawi hayo.

Tunda humaliza ubishi. La mwarobaini ni la mviringo mrefu kama zeituni. Likiondolewa nyama, kokwa ni laini na ganda lake ni jembamba. La mmelia ni duara kama gololi, na kokwa yake ni ngumu, yenye mifuo pembeni na tundu katikati, hata watu huitunga kuwa shanga. Majani yanapopukutika wakati wa kiangazi, vishada vya matunda ya manjano hubaki vikining'inia juu ya mmelia mtupu. Ndege huyala bila shida, jambo linalowadanganya watoto.

Gome ni shahidi dhaifu. La mmelia mchanga ni laini lenye vidoa vyeupevyeupe, lakini mti ukizeeka hupasuka kama la mwarobaini.

Aliyekula matunda ya mmelia huumwa tumbo, hutapika na kuharisha, kisha huweza kulegea, kutetemeka na kupumua kwa shida. Apelekwe hospitali mara moja, pamoja na tawi lenye majani na matunda, ili mganga aone ni mti gani.

Wala mwarobaini wenyewe si wa kunywewa ovyo: mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wachanga degedege na vifo.