Sakramenti Saba, na Sababu Waprotestanti Walibaki na Mbili

Katika mafundisho ya Kanisa Katoliki, sakramenti ni ishara inayoonekana, iliyowekwa na Kristo mwenyewe, na inayompa anayeipokea neema ile inayoiashiria. Ziko saba: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa. Walutheri, Waanglikana, Wapresbiteri na Wamoravian kwa kawaida huhesabu mbili tu, yaani Ubatizo na Chakula cha Bwana.

Hesabu ya saba ilichukua muda kutulia. Kwa karne nyingi waalimu wa Kanisa waliita sakramenti mambo mengi matakatifu, wengine machache, wengine mengi zaidi. Katikati ya karne ya 12 Petro Lombardo, aliyefundisha teolojia Paris, aliorodhesha hizi saba katika kitabu chake cha Sentensi, na kwa kuwa kitabu hicho kilifundishwa vyuoni kwa vizazi vingi, orodha yake ikaenea. Mtaguso wa Firenze uliithibitisha mwaka 1439.

Mwaka 1520 Martin Luther aliandika kitabu kuhusu utekwa wa Kanisa katika Babeli, na humo akaipinga hesabu hiyo. Kwake, sakramenti lazima iwe na ahadi ya Kristo inayosomeka katika Maandiko, pamoja na ishara ya kushikika ambayo Kristo ameiambatanisha na ahadi hiyo. Ubatizo una maji na agizo la Yesu la kubatiza mataifa yote. Chakula cha Bwana kina mkate na divai, na maneno ya usiku ule wa mwisho. Hapo hapakuwa na ubishi.

Kitubio ndicho kilichomsumbua. Mwanzoni mwa kitabu anasema sakramenti ni tatu, Kitubio kikiwemo. Anapofika mwisho amebaki na mbili. Ahadi ipo, kwani katika Injili ya Yohana, sura ya 20, Yesu anawaambia wanafunzi kwamba watakaowaondolea dhambi wameondolewa. Kinachokosekana ni ishara: hakuna maji, mkate wala mafuta. Luther akaona kwamba kutubu ni kuurudia Ubatizo ule ule wa kwanza. Hata hivyo hakuifuta desturi ya kuungama. Aliipenda, na Katekisimo yake Ndogo inaeleza namna ya kuungama mbele ya mchungaji. Alichokataa ni sheria, iliyowekwa na Mtaguso wa Laterano mwaka 1215, ya kila muumini kuungama dhambi zake zote walau mara moja kwa mwaka.

Wakatoliki wanajibu kwamba ishara si lazima iwe kitu cha kushikwa mkononi. Katika Kitubio ishara ni matendo ya anayetubu, yaani majuto, maungamo na malipizi, pamoja na maneno ya padre ya kumwondolea dhambi. Nyuma ya jibu hili pana tofauti iliyo kubwa kuliko hesabu yenyewe: kwa Mkatoliki, Maandiko husomwa pamoja na Mapokeo ya Kanisa, hivyo si lazima kila agizo la Kristo liwe limeandikwa waziwazi. Kwa msingi huo Mtaguso wa Trento ulitamka mwaka 1547 kwamba sakramenti zote saba ziliwekwa na Kristo, na kwamba si zaidi wala pungufu ya saba.

Nyingine nne ziliondolewa kwa hoja zinazofanana. Ndoa, alisema Luther, ilikuwepo kabla ya Kristo na ipo hata kwa wasiomwamini. Mpako wa Wagonjwa unatajwa katika Waraka wa Yakobo, lakini mtume hawezi kuweka sakramenti kwa mamlaka yake mwenyewe. Kwa Kipaimara na Daraja hakuona ahadi ya Kristo inayofanana na ile ya Ubatizo.

Kuondolewa katika hesabu hakukumaanisha kuondolewa kanisani. Walutheri wa Tanzania wana kipaimara, hufungisha ndoa na huwabariki wachungaji. Ila hawayaiti hayo sakramenti. Walioacha kabisa ni wachache, kama Marafiki, wenye wafuasi wengi magharibi mwa Kenya, na Jeshi la Wokovu: hawa hawabatizi kwa maji wala hawashiriki mkate na divai katika ibada.

Tofauti hizi huonekana mtu anapohama kanisa. Mlutheri anayejiunga na Kanisa Katoliki habatizwi tena, maana Ubatizo wa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu unatambuliwa popote ulipotolewa na haurudiwi. Kipaimara chake hakitambuliwi kuwa sakramenti, kwa hiyo hupewa upya. Kwa ndoa hali hugeuka: kwa sheria ya Kanisa Katoliki, ndoa halali ya Waprotestanti wawili waliobatizwa ni sakramenti, hata kama kanisa lililoifungisha haliiiti hivyo.